Jedwali la madeni ya nyumbani: tuanze na deni dogo au lenye riba kubwa? (Kigoma mjini)

#1 BintiKatubuka

Wakuu habari za jioni. Mimi na baba watoto tumekaa tukaandika madeni yote ya nyumba kwenye karatasi moja. Yeye ni mwalimu wa msingi, mimi nauza mawese na maharage sokoni Mwanga. Mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara juu kwa juu. Kwa hayo mengine tumekubaliana kutenga 350,000 kila mwezi kuanzia mwezi wa pili, na hatukopi tena.

| Deni | Baki | Riba | Tunacholazimika kutoa kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Duka la Mangi | 160,000 | 0 | 20,000 |
| VICOBA | 330,000 | 10% | 110,000 |
| Mkopeshaji wa mtaani | 600,000 | 10% | 60,000 |
| SACCOS | 1,200,000 | 18% | 60,000 |
| Benki | 4,200,000 | 17% | inakatwa kwenye mshahara |

Ukijumlisha ya lazima ni 250,000, kwa hiyo tuna 100,000 ya ziada kila mwezi. Ubishi uko kwenye hiyo laki. Mimi nasema iende kwa Mangi kwanza, ni deni dogo na dukani kwake napita kila siku. Yeye anasema iende SACCOS kwa sababu 18 ndiyo riba kubwa kuliko zote. Nataka jedwali linioneshe kila deni litaisha mwezi gani. Nani yuko sahihi?

#2 BahariaUjiji

Shemeji yuko sahihi, hesabu ni hesabu. Riba kubwa ndiyo inayokula, ua hiyo kwanza. Mangi hana riba, anaweza kusubiri hata Pasaka.

#3 NyotaYaGungu

Mimi niko na wewe dada. Deni dogo likiisha unapata nguvu ya kuendelea na mengine. Mwaka juzi nilikuwa na madeni matano, nikaanza na la fundi cherehani la elfu arobaini. Lilipokwisha nililala usingizi. Ningeanza na lile kubwa ningechoka njiani.

#4 MzeeWaUrambo

Poleni na majukumu. Binti, mkopo wa kulipia madeni usichukue popote kwa sasa, riba ziko juu sana huku Tabora na huko Kigoma. Subiri fedha za halmashauri zile za asilimia kumi, hazina riba. Jiunge na kikundi cha akina mama.

#5 BintiKatubuka

Mzee shikamoo. Sitafuti mkopo mpya, natafuta mpangilio wa kulipa niliyonayo.

#6 MzeeWaUrambo

Marahaba. Nimekuelewa sasa. Nitarudi.

#7 Mhasibu_Mstaafu

Dada Binti, kabla ya kuamua nani yuko sahihi, angalia ile safu ya riba. Humo mna vitu vitatu tofauti vilivyoandikwa kama kitu kimoja.

SACCOS umeandika 18. Hiyo ni ya mwaka. Nimefanya kazi za vitabu vya SACCOS miaka mingi, na ukiona 18 karibu kila mara maana yake ni 1.5 kwa mwezi, inayopigwa kwenye baki. Benki 17 nayo ni ya mwaka. Mkopeshaji wa mtaani umeandika 10, lakini unasema unalazimika kumpa 60,000 kila mwezi kwa deni la 600,000. Hiyo ni 10 kwa mwezi. Weka zote kwa mwezi uone: SACCOS 1.5, benki kama 1.4, mkopeshaji 10. Baba watoto anataka kupeleka laki kwenye 1.5 akaiacha 10 iendelee kukimbia.

Kitu cha tatu ni VICOBA. Hebu tuambie ulikopa kiasi gani na mlikubaliana vipi.

#8 BintiKatubuka

VICOBA nilikopa 500,000 kwa miezi mitano. Waliongeza riba 50,000 siku ileile, nikaandikiwa kurudisha 550,000, yaani 110,000 kila mwezi. Nimelipa mara mbili, zimebaki tatu. Ndiyo maana nimeandika 10% kama ya mkopeshaji.

Na mkopeshaji ni kweli ni 10 kwa mwezi. Tangu mwezi wa kumi tunatoa 60,000 na deni bado ni 600,000.

#9 Mhasibu_Mstaafu

Sasa imekaa vizuri. Hizo kumi mbili hazifanani hata kidogo.

Ya VICOBA imeshapigwa, imo ndani ya 330,000 unazodaiwa. Ukilipa zote kesho asubuhi unatoa 330,000. Ukilipa kwa miezi mitatu unatoa 330,000. Kuharakisha hakukuokolei hata shilingi, isipokuwa kama katiba ya kikundi chenu inarudisha sehemu ya riba kwa anayemaliza mapema. Vikundi vingi havirudishi. Kwa hiyo kwenye jedwali la kupanga, VICOBA unaiweka kama deni lisilo na riba lenye tarehe kali.

Ya mkopeshaji inazaliwa upya kila mwezi. Kila 100,000 unayopunguza leo inakuokolea 10,000 mwezi ujao, na mwezi unaofuata, mpaka umalize.

Kama una shaka na deni lolote, usiulize riba ni asilimia ngapi. Muulize anayekudai maswali mawili: nikimaliza leo natoa shilingi ngapi, na nikimaliza baada ya miezi mitatu nitakuwa nimetoa jumla ngapi. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo riba unayoweza kuiokoa. Deni lenye tofauti kubwa kwa kila laki unayodaiwa ndilo linalokaa juu ya jedwali.

#10 BahariaUjiji

Nakubali nilikosea kusoma 18, ila msingi wangu uleule: riba kubwa kwanza. Sasa ni mkopeshaji.

#11 KibiriziAlfajiri

Mhasibu umesahau kitu. Riba ya VICOBA ni hela yetu wenyewe, inarudi kwenye mgao mwisho wa mwaka. Kwa hiyo VICOBA si deni la kuogopa, hata akichelewesha anajilipa mwenyewe.

#12 Mhasibu_Mstaafu

Nusu ya maneno yako ni kweli, KibiriziAlfajiri. Inarudi, lakini inagawanywa kwa hisa. Kama kikundi kina wanachama ishirini na tano na Binti ana hisa chache, ile 50,000 yake wanagawana wote na yeye anapata kipande. Kuchelewesha ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ya faini na kwa sababu ya wadhamini waliokaa nyuma yake.

#13 BintiKatubuka

Kwetu ukichelewa mkutano mmoja faini ni 5,000, na mdhamini wangu ni wifi. Hiyo 110,000 haiguswi.

Mhasibu, unaweza kunipangia njia zote mbili, ya kwangu na ya riba kubwa, nione miezi?

#14 Mhasibu_Mstaafu

Nimefanya. Nimechukua kwamba riba inaingia kwanza kila mwezi ndipo unalipa, SACCOS 1.5 kwa baki, mkopeshaji 10 kwa baki. Benki nimeiacha nje kwa sababu huna uwezo wa kuisogeza, lakini usiifute kwenye karatasi. Deni likiisha, hela yake inahamia kwenye deni linalofuata.

| Deni | Dogo kwanza, linaisha | Riba kubwa kwanza, linaisha |
|---|---|---|
| Mangi | Machi | Septemba |
| VICOBA | Aprili | Aprili |
| Mkopeshaji | Juni | Juni |
| SACCOS | Septemba | Septemba |
| Riba yote utakayotoa | kama 342,000 | kama 281,000 |

Mfuate mkopeshaji kwenye safu ya pili uone anavyopungua. Februari 600,000 inakuwa 660,000, unatoa 160,000, inabaki 500,000. Machi inabaki 390,000, Aprili 269,000. Aprili ndipo VICOBA inaisha, kwa hiyo Mei una 270,000 za kumpelekea, anabaki na kama 26,000. Juni unammalizia na zinazobaki zinaenda SACCOS. Kwenye safu ya kwanza anakaa 600,000 ileile Februari na Machi, anaanza kushuka Aprili.

Tofauti ya njia hizo mbili ni kama 61,000.

#15 NyotaYaGungu

Ngoja. Yaani ubishi wote huu, zote mbili zinaisha Septemba, na mkopeshaji anaisha Juni kote kote? Kwa 61,000 mimi nalipa nipumue. Mangi anatoka Machi badala ya Septemba. Nasimama na dada.

#16 BahariaUjiji

61,000 ni magunia ya mkaa, NyotaYaGungu. Wewe unapumua, mwenzio anakula.

#17 Mwalimu_Kasulu

Mimi nimejaribu kwenye Google Sheets kwa simu ili Binti aweze kubadilisha mwenyewe. Ukitaka kujua miezi ya mkopeshaji peke yake kwa rejesho la 160,000, andika:

```
=NPER(0.1,-160000,600000)
```

Inatoa 4.9, yaani mwezi wa tano wa kulipa, ambao ni Juni. Inalingana na Mhasibu. Ukibadilisha rejesho likawa 50,000 inaleta `#NUM!`. Simu haijaharibika. Riba ya mwezi ni 60,000 na wewe unatoa 50,000, kwa hiyo deni linakua na mwezi wa kumaliza haupo.

#18 Mhasibu_Mstaafu

Vizuri Mwalimu. Ila hiyo kanuni inaamini rejesho ni lilelile kila mwezi. Hapa rejesho linapanda VICOBA ikiisha, kwa hiyo ni salama zaidi kushuka mwezi kwa mwezi. Weka baki kwenye safu B, malipo safu C, halafu mstari unaofuata:

```
=B2*1.1-C2
```

Unaivuta chini mpaka ifike sifuri au hasi. Mstari ulio juu yake, wenye malipo ya mwisho, ndio mwezi wako.

#19 KibiriziAlfajiri

Kwa nini mnabishana njia mbili tu? Mangi si ana moyo. Aende amwambie: nipe mpaka mwezi wa sita, sitakupa kitu sasa, halafu nakumalizia zote. Ile 20,000 iende kwa mkopeshaji.

#20 Mhasibu_Mstaafu

Nimeipiga hiyo, na ni nzuri kuliko zote mbili. Mkopeshaji anapata 180,000 badala ya 160,000. Februari anabaki 480,000, Machi 348,000, Aprili kama 203,000, Mei anaisha na kama 67,000 zinabaki. Hizo zinaingia kwa Mangi, na Juni Mangi naye anaisha. SACCOS ni Septemba kama kawaida. Riba yote inashuka mpaka kama 267,000. Yaani Mangi anaisha Juni badala ya Septemba, na mkopeshaji anatoka mwezi mmoja mapema.

Sharti ni moja: Mangi akubali.

#21 BintiKatubuka

Mangi nimeongea naye jioni hii. Amekubali mpaka mwisho wa mwezi wa sita, ila amesema daftari linafungwa, hakuna kuchukua unga wala sukari mpaka nimalize.

#22 NyotaYaGungu

Hapo ndipo pagumu sasa. Mwisho wa mwezi unga ukiisha?

#23 Mwalimu_Kasulu

Hapo Mangi amekusaidia bila kujua, dada. Fungua daftari lako uangalie bei. Kwetu Kasulu mwenye duka ana bei mbili, ya taslimu na ya daftari. Sukari ya taslimu elfu tatu, ya daftari elfu tatu na mia mbili. Ukichukua kilo tano kwa mwezi, elfu moja imekwenda na hukuiita riba. Baki la zamani halina riba kweli, lakini kila unachoongeza kinayo. Na kama daftari linaendelea kukua, ule mstari wa Mangi kwenye jedwali ni uongo, hautafika sifuri Juni wala Desemba.

#24 BintiKatubuka

Nimeangalia. Mafuta ya kupikia ndiyo yamepandishwa, sukari iko bei moja. Ahsante, nisingefikiria.

#25 MzeeWaUrambo

Nimerudi. Jedwali la kila mwezi ni la watu wa mshahara. Sisi wakulima wa tumbaku tunadaiwa pembejeo kupitia AMCOS, na deni linakatwa siku ya mauzo, mara moja. Miezi mingine mkulima hana hata elfu kumi ya kupeleka popote. Mtu kama mimi mnampangia vipi? Miezi saba sifuri halafu mwezi mmoja kila kitu?

#26 KibiriziAlfajiri

Mzee una hoja. Hata huku ziwani ni hivyo. Mimi nauza dagaa Kibirizi. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haiendi kuvua, wiki hiyo hela hakuna. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikuwa na jedwali kama la Binti, laki mbili kila mwezi, safi kabisa. Mwezi wa sita nikatoa elfu sitini. Nilichokosa ni safu ya miezi mibaya. Binti, hiyo 350,000 yako ngapi inatoka kwenye mshahara na ngapi inatoka kwenye mawese?

#27 BintiKatubuka

200,000 za baba watoto, 150,000 zangu. Mwezi mbaya mimi natoa hata 80,000.

#28 KibiriziAlfajiri

Basi mwezi mbaya una 280,000. Toa VICOBA 110,000, SACCOS 60,000, riba ya mkopeshaji 60,000. Inabaki 50,000 tu ya kupunguza deni. Bado unasimama, hukopi. Hiyo ndiyo namba ya kujua kabla ya kuanza. Ingeshuka chini ya 230,000 ndipo ungeanza kukopa huku ulipe kule.

#29 Mhasibu_Mstaafu

Sahihi kabisa. Na kwako Mzee wangu wa Urambo, shikamoo. Kwa mkulima wa msimu mistari ni ileile, ila safu ya malipo inajaa mwezi wa soko tu. Deni linalozaa riba kila mwezi ndilo linalomuumiza mkulima kuliko mtu wa mshahara, kwa sababu anakaa nalo miezi yote bila kulipunguza. Kwa hiyo siku ya mauzo, AMCOS ikishakata chake, kinachobaki kianzie huko.

#30 MzeeWaUrambo

Marahaba kijana. AMCOS haiulizi nataka nianze na lipi, hiyo inajikata yenyewe. Ila kinachobaki umesema kweli.

#31 BahariaUjiji

Wakuu kuna njia fupi hamuigusi. Baba watoto ana mkopo benki, aende afanye topapu ya 600,000, ammalize mkopeshaji mwezi huu huu. 17 kwa mwaka dhidi ya 10 kwa mwezi, hata mtoto anaona.

#32 Mwalimu_Kasulu

Sisi walimu tunaijua hiyo njia vizuri. 600,000 kwa 17% miezi 60 ni rejesho la kama 14,900. Ni dogo, halikuumi. Lakini zidisha kwa 60, ni kama 895,000. Riba yake ni karibu 295,000. Mkopeshaji kwa mpango wa bandiko la 20 anachukua riba ya 163,000 tu. Asilimia ni ndogo, muda ni mrefu, na muda ndio unaokula. Weka na makato ya bima na ada ya kuandaa mkopo, na mara nyingi topapu inaanzisha upya muda wa deni lote la 4,200,000, si la hiyo 600,000 peke yake.

#33 BahariaUjiji

Mwalimu unalinganisha vitu visivyolingana. Akimtoa mkopeshaji leo, zile 180,000 zinaenda SACCOS kuanzia mwezi wa pili, na SACCOS inaisha mapema. Hela haikai bure.

#34 Mwalimu_Kasulu

SACCOS ni 1.5 kwa mwezi, unachookoa huko ni kidogo. Na kuna theluthi moja ya mshahara ambayo haitakiwi kuguswa na makato. Walimu wengi wako ukingoni tayari.

#35 BahariaUjiji

Akichukua topapu ya miezi kumi na mbili je?

#36 Mhasibu_Mstaafu

Ya miezi kumi na mbili Baharia ana haki, hata na ada inawezekana ikawa nafuu. Swali ni kama benki itakubali muda mfupi hivyo kwa juu ya mkopo uliopo. Binti aende na lile swali: jumla nitakayokuwa nimelipa mpaka mwisho, mkopo wa zamani na huu, ni ngapi? Wampe kwa maandishi, alinganishe na jumla iliyobaki sasa.

#37 NyotaYaGungu

Na hakuna anayesema hiyo 10% yenyewe si halali? Nilisikia Benki Kuu imeweka kikomo.

#38 Mhasibu_Mstaafu

Wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, wamewekewa kikomo cha 3.5 kwa mwezi, na anatakiwa awe na leseni. Dada Binti, huyo mtu ana leseni? Alikupa mkataba? Ameshika kitu chako?

#39 BintiKatubuka

Leseni sijawahi kuiona. Ameandika kwenye daftari lake na mimi nikasaini. Ameshika kadi ya benki ya mume wangu.

#40 KibiriziAlfajiri

Kadi! Hapo sasa tuache hesabu kwanza. Kadi ikiwa kwake mshahara uko mkononi mwake, hata upange jedwali la dhahabu yeye ndiye anajilipa wa kwanza. Baba watoto aende tawini akafunge hiyo kadi na kubadili namba ya siri.

#41 BahariaUjiji

Na akiifunga, jamaa atakuja nyumbani na vijana. Mnajua ilivyo mitaani.

#42 NyotaYaGungu

Aende kwa mwenyekiti wa mtaa wakae chini wote, akubali deni la 600,000 mbele ya shahidi, waandikiane kwa riba ya halali. Kwa 3.5 riba ya mwezi ni 21,000, si 60,000.

#43 Mwalimu_Kasulu

Ukianza hivyo bila hela mkononi anaweza kudai zote siku hiyo hiyo. Mimi ningemaliza kwanza, kadi irudi, ndipo niseme.

#44 BintiKatubuka

Nimesoma yote. Baba watoto amekwenda leo kumwambia kwamba mwezi wa pili tutampa 180,000, sitini ya riba na mia ishirini ya kupunguza. Amekataa. Amesema hapokei vipande, ni riba tu au 600,000 nzima siku moja.

#45 Mhasibu_Mstaafu

Hilo linabadilisha jedwali lote, na ni vizuri mmejua kabla ya kuanza. Bandiko langu la 14 na la 20 yote yalisimama kwenye kupunguza kidogo kidogo.

Sasa iko hivi. Unatoa riba 60,000 na kuweka 120,000 pembeni. Mwisho wa Februari una 120,000, Machi 240,000, Aprili 360,000. Mei VICOBA imeisha, unaweka 230,000, unafika 590,000. Umekosa 10,000! Juni ndipo unamaliza, na umempa riba mara tano, 300,000 nzima. Kwa vipande ingekuwa 163,000. Hiyo tofauti ya 137,000 ndiyo faida yake ya kukataa vipande.

#46 KibiriziAlfajiri

Elfu kumi hiyo naitoa mimi dada, nasema kweli. Mwezi wa tano njoo Kibirizi.

#47 Mhasibu_Mstaafu

Ukiipata hiyo unamaliza Mei na unaokoa 60,000. Lakini kuna njia nyingine nayo muipime. VICOBA inaisha Aprili, maana yake mwisho wa Aprili unaruhusiwa kukopa tena. Una 360,000 mkononi. Ukikopa 240,000 tu, riba yake ya 10 ni 24,000, unapata 600,000 kamili, unammaliza Aprili na kadi inarudi. Riba ya mkopeshaji inakuwa 180,000, jumlisha 24,000, ni 204,000 badala ya 300,000.

#48 NyotaYaGungu

Mimi hapo sikubali. Amesema kwenye bandiko la kwanza hawakopi tena. Ukimfungulia mlango wa VICOBA mwezi wa nne, mwezi wa sita atafungua mwingine. Asubiri Mei na elfu kumi za KibiriziAlfajiri.

#49 BahariaUjiji

Na hiyo 120,000 itakaa wapi miezi mitatu? Ndani ya nyumba italiwa. Afadhali SACCOS, aweke akiba huko.

#50 Mhasibu_Mstaafu

Usiweke SACCOS, Baharia. Mtu mwenye mkopo akiba yake inashikilia mkopo, siku anayoihitaji hataipata. Iwe sehemu anayoweza kuitoa siku hiyo hiyo, na isiwe kwenye akaunti ambayo kadi yake imeshikwa.

#51 BintiKatubuka

Hapo umenisaidia, nilikuwa nataka kuiacha kwenye akaunti ya mshahara. Nitaiweka kwenye laini yangu ya simu, ile nisiyofanyia biashara.

Ya kukopa 240,000 baba watoto anaitaka, mimi naona kama NyotaYaGungu. Jumamosi nina mkutano wa kikundi, nitauliza kama mtu aliyemaliza Aprili anakopeshwa mwezi huohuo au anasubiri zamu. Kesho anakwenda benki kuulizia kadi. Mistari mingine nimeandika upya: VICOBA Aprili, mkopeshaji Aprili au Mei, Mangi mwisho wa Juni, SACCOS nimeacha wazi kwanza.

#52 Mwalimu_Kasulu

SACCOS kwa vyovyote haitapita Oktoba ukishika 350,000. Nikimaliza kusahihisha madaftari nitakutumia faili lenye miezi yote.

#53 MzeeWaUrambo

Mwalimu ukimtumia Binti, na mimi nitumie. Langu liwe na mwezi wa soko peke yake, na mstari wa pembejeo juu.